Kadi Saba za Mahindi: Msamiati wa Chekalini Mbele ya Wasomaji wa Nchi Nne

Tarehe 5 Machi 2021 Mamlaka ya Kilimo na Chakula ya Kenya ilitoa barua ya kusimamisha uingizaji wa mahindi kutoka Tanzania na Uganda, kwa sababu ya sumu inayotokana na kuvu. Haikupita juma moja kabla ya zuio hilo kulegezwa kwa masharti, mojawapo likiwa kwamba shehena iwe na cheti cha kuonyesha kuwa sumu hiyo haifikii sehemu 10 katika kila sehemu bilioni. Wanasiasa na wafanyabiashara wamekwisha kulizungumza sana jambo hili, na si nia ya makala hii kurudia hoja zao. Linalomhusu mwanalugha ni dogo zaidi, na pengine ni gumu zaidi. Jumuiya ya Afrika ya Mashariki ina kiwango kimoja cha mahindi, kinachotaka unyevu usiozidi asilimia 13.5, na mpimaji wa Malaba na yule wa Namanga husoma tarakimu ile ile. Lakini jina la sumu yenyewe si moja. Tanzania imekwisha kuizoea istilahi ya sumukuvu. Kenya, katika redio na mikutano ya maofisa wa kilimo, husema aflatoksini. Mtu anayetaka kuwaonya wakulima wa pande zote kwa maandishi mamoja hujikwaa katika neno la kwanza kabisa.

Maandishi yanayohakikiwa hapa ni ya aina mpya kidogo kwa kurasa za jarida kama hili, nayo ni mfululizo wa kadi za picha ambazo msomaji huzitelezesha kwa kidole katika simu, moja baada ya nyingine. Watengenezaji wake huuita karuseli. Umbo hili lina kanuni zake, kama vile utenzi ulivyo na mizani yake. Kila kadi huchukua sentensi mbili au tatu fupi tu. Maneno huchorwa ndani ya picha yenyewe, kwa hiyo hayabadiliki kwa kufuata nchi ya msomaji. Hakuna tanbihi wala faharasa. Zaidi ya hayo, kadi hutenganishwa. Mtu huipenda ya tano akampelekea shemeji yake aliye ng'ambo ya mpaka, naye shemeji huisoma bila ya kuziona nne zilizotangulia. Ufafanuzi uliowekwa katika kadi ya pili haumfai mtu huyo kitu.

Ili hoja isielee hewani, umetungwa kwa ajili ya uhakiki huu mfululizo wa kadi saba juu ya kukausha na kuhifadhi mahindi, kwa Kiswahili kama kinavyosikika Chekalini, katika eneo la Lugari, kaunti ya Kakamega. Mahali hapa hapakuchaguliwa kwa kubahatisha. Ni nchi ya mahindi, iliyo karibu na barabara kuu itokayo Eldoret kwenda Webuye na Malaba, na wakazi wake ni Waluhya wa lahaja mbalimbali pamoja na jirani zao wa makabila mengine. Kiswahili huko ni lugha ya soko, ya mashine ya kusaga na ya baraza la chifu. Si lahaja ya pwani, wala si lugha ya kitabu cha shule. Kina msamiati wa kazi uliokomaa, na kosa la kwanza la mhariri lingekuwa kuudharau.

Kadi za Chekalini zingesema hivi, kwa ufupi. Ya kwanza: jihadhari na aflatoksini. Ya pili: vuna mahindi mwezi wa kumi, yakishakauka shambani. Ya tatu: anika juu ya karatasi, usianike chini. Ya nne: pima ukavu kwa chupa na chumvi. Ya tano: koboa bila kuvunja punje. Ya sita: weka stoo, mbali na ukungu. Ya saba: gunia moja huhifadhi posho ya familia kwa muda fulani, basi usiuze yote.

Mkulima wa Chekalini hakosi kitu hapo. Kadi hizo hizo zikifika Mbeya, Masindi au Bukavu, mambo hubadilika, na namna yanavyobadilika ndiyo kiini cha makala hii.

Desturi ya wahariri ni kuyatafuta maneno yatakayomshinda msomaji wa mbali na kuyaondoa. Huo ni mwanzo mzuri, lakini nguvu hutumika mahali pasipo na hatari kubwa. Neno lisilojulikana humsimamisha msomaji. Mtanzania akikuta neno gorogoro hujua papo hapo kwamba halijui, na atauliza au ataitazama picha. Mkenya akikutana na kihenge hufanya vivyo hivyo. Hatari iko kwa neno ambalo wote wawili wanalijua, kila mmoja kwa maana yake. Hilo halimsimamishi mtu. Msomaji hupita nalo akiwa na furaha ya kuelewa, kumbe ameelewa jambo jingine. Hatari huzidi pale maana zote mbili zinapotoa ushauri wenye mantiki, kwa sababu hapo hakuna hata kicheko cha kumwonya mtu kuwa kuna kasoro.

Neno ukungu katika kadi ya sita ni mfano bora. Kwa Kiswahili cha pande zote ukungu ni ule mvuke mzito wa asubuhi unaofunika mabonde, na pia ni uoto mweupe au wa kijani unaoshika chakula kilichovunda. Mkulima anayeambiwa aweke mahindi mbali na ukungu anaweza kufunga madirisha ya ghala alfajiri na kuona kwamba ametii. Ushauri huo hauna madhara, hata una faida kidogo. Lakini hakupewa onyo lililokusudiwa, yaani atazame punje zilizoota uoto na azitoe. Hapa tofauti haiko hata baina ya nchi, bali ndani ya neno lenyewe, na kupeleka kadi mbali kunaizidisha tu. Neno kuvu lina maana nyembamba zaidi na linafaa, ila baadhi ya wasomaji wa bara ya Kenya hulijua kwa njia ya shule tu. Suluhisho ni kutotegemea jina peke yake. Kadi iseme: punje zenye kuvu, yaani zilizobadilika rangi au kuota uoto, zitoe. Maneno yameongezeka, lakini hakuna tena nafasi ya kuwaza mvuke wa asubuhi.

Karatasi ya kadi ya tatu ni tatizo la aina nyingine. Katika mazungumzo ya Kenya bara, karatasi si ile ya kuandikia tu; plastiki nyepesi ya kufunikia au kubebea vitu nayo huitwa hivyo. Kwa Mtanzania karatasi ni karatasi. Atashangaa kuambiwa aanike magunia ya mahindi juu ya magazeti, na mshangao huo una heri, kwani utamzuia. Lakini neno lile lile likirudi katika maelezo ya mifuko isiyopitisha hewa halitamzuia mtu. Mifuko hiyo ina tabaka mbili za plastiki ndani ya gunia la nje lililofumwa, na kila tabaka hufungwa peke yake baada ya kukamua hewa. Mtu akiambiwa afunge karatasi ya ndani kwanza, aweza kudhani ni ile karatasi ya maelezo iliyotiwa humo na muuzaji. Katika kadi ya kuanikia neno turubai linaelekea kufahamika pande nyingi, na picha italisaidia. Kwa mfuko yafaa kusema plastiki ya ndani. Neno plastiki ni la kigeni, ndiyo, lakini ni geni kwa wote kwa kiasi kimoja, na hiyo ni sifa kubwa katika kazi ya namna hii. Wanaolikimbia neno la mkopo kwa ajili ya usafi wa lugha hawana budi kukumbuka kwamba hata sahani na kitabu viliingia kwa mlango huo huo.

Kukoboa nako kuna maana zinazopishana. Chekalini kadi ya tano inataka punje zitolewe katika magunzi. Mtanzania akisoma kukoboa huwaza mashine ya kuondoa ganda la punje ili apate sembe badala ya dona, na kwa kazi ya kutoa punje ana neno lake zuri, kupukuchua. Basi je, itumike kupukuchua? Wasomaji wengi wa magharibi ya Kenya hawatalitambua. Lakini kwa mujibu wa hoja iliyotangulia, kutolitambua si balaa kubwa. Likipewa ubavuni picha ya mkono ukitoa punje, na fungu la maneno lisemalo kutoa punje kwenye magunzi, litajifunza lenyewe. Uamuzi bora zaidi ni kuliweka fungu hilo peke yake na kuyaacha majina yote mawili. Lina maneno manne badala ya moja, na mpenda mkato atalalamika. Hata hivyo gunzi na punje havijapata kumpotosha mtu. Kwa hakika sehemu kubwa ya ufundi huu ni kujua pa kuacha jina la kitendo na kukieleza kitendo.

Neno lenye historia ndefu kuliko yote katika kadi hizi ni posho. Maana yake ya asili katika misafara na mashamba ya zamani ni chakula anachopimiwa mtu kwa siku au kwa juma. Kutoka hapo kila nchi ilikata kipande chake. Uganda ilishika chakula chenyewe, na leo posho huko ni ugali. Kenya ilishika unga na mahali pa kuusaga. Tanzania ilishika ule upimaji, na posho ikawa fedha anayolipwa mjumbe wa kikao au mtumishi aliye safarini. Upande wa Kongo neno lilifuata mgao wa juma wa wafanyakazi, na Kilingala kikalichukua kwa umbo la mposo kwa maana ya juma lenyewe. Kadi ya saba ikisema gunia moja huhifadhi posho ya familia, Mganda atawaza ugali uliokwisha kupikwa ukiwekwa ndani ya gunia, na Mtanzania atawaza mshahara wa kikao. Wote watacheka, na kicheko hapa ni kinga. Hata hivyo neno hili haliwezi kutengenezwa. Dawa yake ni kulitoa. Chakula cha nyumbani ni maneno matatu ambayo hayana mpaka.

Gunia limewekwa katika kadi ile ile ya saba, nalo ni gumu kwa sababu halionekani kuwa neno la kutofautiana. Nchi zote husema gunia. Lakini gunia la mahindi la Kenya huhesabiwa kuwa kilo 90, na la Tanzania kilo 100. Msomaji akipewa hesabu ya magunia mangapi yatatosha jamaa yake mpaka mavuno, au dawa kiasi gani itiwe katika kila gunia, tofauti ni sehemu ya kumi nzima. Katika hifadhi ya mahindi kwa dawa ya unga, sehemu ya kumi si jambo la kupuuza. Vipimo vidogo havina nafuu: debe linafahamika kwa wengi, gorogoro ni la Kenya, kisado ni cha Tanzania, na kila kimoja hupungua au kuongezeka kwa ukarimu wa mchuuzi. Hapa hakuna neno litakalookoa. Kadi iandike kilo, kwa tarakimu, na gunia libaki kuwa chombo tu, lisiwe kipimo.

Tofauti ya majira inafanana na hiyo. Mwezi wa kumi wa kadi ya pili ni sahihi kwa Lugari, ambako mahindi hupandwa mvua zinapoanza, Machi au Aprili, yakavunwa kuanzia Oktoba. Nyanda za juu za kusini mwa Tanzania huvuna katikati ya mwaka, na sehemu kubwa ya Uganda ina misimu miwili. Hili si suala la msamiati kwa maana ya kamusi, lakini msomaji wa Rukwa halitofautishi. Kwake kadi inayotaja Oktoba imeandikwa kwa ajili ya watu wengine, na ataitelezesha aipite. Dalili ya mmea ifaayo popote ni maganda kukauka na punje kuwa ngumu.

Yabaki maneno ambayo hayawezi kuondolewa wala kuelezwa kwa fungu la maneno, na la kwanza ni jina la sumu. Kenya inalikumbuka kwa uchungu. Mwaka 2004, katika maeneo ya Ukambani, wagonjwa 317 walihesabiwa na 125 kati yao walikufa kwa mahindi yenye sumu hiyo. Aflatoksini ndilo jina lililosikika katika redio wakati wa msiba ule, na kulinyima nafasi ni kuinyima kadi kumbukumbu hiyo. Sumukuvu nalo lina fadhila ambayo aflatoksini haina. Limejengwa kwa maneno mawili ambayo msomaji tayari anayo, na hata asiyepata kulisikia hulifungua mwenyewe. Kwa hiyo kadi ya kwanza iyabebe yote mawili, sumukuvu kwanza kwa herufi kubwa, kisha aflatoksini chini yake. Lakini kuanzia kadi ya pili litumike moja tu, sumukuvu, bila kuyumba. Iwapo kadi itatengwa na wenzake, jina hili litajieleza. Lile jingine lisingeweza.

Jambo hili linahitaji mkazo, kwa sababu wahariri wengi hupata maradhi ya mkwaju. Wakishindwa kuchagua, huandika stoo/ghala/kihenge, kisha turubai/tandarua, kisha gunia/kiroba, mpaka kadi inakuwa ukurasa wa kamusi uliochanika. Msomaji wa simu hasomi hivyo. Akiona majina matatu hudhani ni vitu vitatu na kwamba anapaswa kuwa navyo vyote. Jozi moja katika kadi ya kwanza, kwa neno lisilo na mbadala, inatosha mfululizo mzima. Mahali pengine mhariri aamue. Ghala, kwa mfano, ni neno la wote, hata kama la Chekalini ni stoo na la Dodoma ni kihenge. Mkulima wa Chekalini hatatatizika kwa kusoma ghala, ingawa yeye mwenyewe hatalisema. Kuelewa na kusema ni mambo mawili, na kadi inadai lile la kwanza tu.

Kuna maradhi mengine yaliyo kinyume na hayo, nayo ni kudhani kwamba usanifu umekwisha kuifanya kazi hii. Uamuzi wa Mombasa wa mwaka 1928 wa kuchukua Kiunguja kuwa msingi, na Kamati ya Lugha iliyoanza kazi mwaka 1930, vilizipa nchi za Afrika ya Mashariki tahajia moja na sarufi moja ya shule. Hilo ni jambo kubwa, na bila hilo kadi moja kwa nchi nne isingefikiriwa. Lakini kamati ile ilishughulikia zaidi vitabu vya darasani, na maneno ya ghala na mashine ya kusaga yalikua baadaye, kila upande na serikali yake na wauzaji wake. Mhariri anayefungua kamusi akaliona neno kukoboa, akaridhika kuwa ni sanifu, amejibu swali ambalo halikuulizwa.

Kadi ya nne inastahili kutazamwa peke yake, kwa maana ndiyo yenye kazi ngumu kuliko zote na karibu haina tatizo la msamiati. Chukua chupa kavu yenye kifuniko, tia mahindi mpaka theluthi yake, tia vijiko viwili au vitatu vya chumvi kavu, tikisa kwa dakika chache, kisha acha kwa dakika 15. Chumvi ikinata katika kuta za chupa, mahindi bado ni mabichi kwa kuhifadhiwa. Chupa, chumvi, kijiko, tikisa: maneno yote ni ya wote. Hata hivyo kadi hii ina kishawishi chake. Kipimo hiki hutenga mahindi yenye unyevu wa takriban asilimia 15 na zaidi. Hakiwezi kuthibitisha 13.5 ya kiwango cha Jumuiya. Mwandishi apendaye mkato ataandika kwamba chumvi isiponata mahindi ni makavu, na neno makavu litasomwa kuwa tayari kwa mfuko usiopitisha hewa au kwa soko la ng'ambo ya mpaka. Inafaa kuandika: chumvi isiponata, endelea kuanika siku moja au mbili zaidi kabla ya kufunga mfuko, na penye kipima unyevu kitumike. Usahihi wa namna hii hauletwi na uteuzi wa maneno, lakini ukikosekana uteuzi wote unakuwa kazi bure.

Namna ya kuzijaribu kadi kabla ya kuzitoa imekwisha kuharibiwa na swali moja maarufu: umeelewa? Kila mtu hujibu ndiyo, kwa adabu. Msomaji mmoja wa kila nchi apewe kadi moja moja, zikiwa zimechanganywa, na aombwe aeleze kwa maneno yake atakachofanya kesho asubuhi. Aliyesoma ukungu atasema atafunga dirisha. Aliyesoma karatasi atatafuta magazeti. Maneno anayoyatumia katika kueleza yaandikwe pia, kwani mara nyingi ndani yake mna neno bora kuliko lile la mhariri. Tena kipimo kianze na wa mbali zaidi, si na jirani wa ofisini. Kiswahili cha jirani wa ofisini ndicho kilichoandika kadi.

Msomaji wa Bukavu huuweka mpango huu wote mahali pagumu. Kiswahili chake kimepokea maneno ya Kifaransa pale ambapo cha Kenya kimepokea ya Kiingereza, na upatanisho wa viambishi vyake unatofautiana na wa kitabu. Atazielewa kadi sita kati ya saba kama zilivyorekebishwa, lakini atazisikia kuwa sauti ya mgeni, na hilo fungu la maneno haliliondoi. Wapo watakaotaka atengenezewe mfululizo wake. Gharama yake si kubwa, maana picha ni zile zile na maneno hayazidi mia mbili. Lakini basi kazi hiyo ifanywe na mtu wa Bukavu mwenyewe, akipewa picha tupu na maelezo ya kila kadi, wala si na mtu wa Nairobi au Dar es Salaam anayebadilisha neno hapa na neno pale. Kwa Chekalini, Mbeya na Masindi mfululizo mmoja unatosha. Ya saba, iliyokuwa na gunia na posho, sasa husomeka hivi: kilo 100 za mahindi makavu ni chakula cha nyumbani, pima chakula chako cha mwaka kwa kilo, kiweke kando, kisha uza kinachobaki.